Kutoka jedwali la marudio limbikizi hadi ojaivu: mediani na robo za sangara 80

Ninafundisha hesabu za sekondari upande wa Jinja, na kila mwaka naona kosa lilelile. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajumlisha vizuri, anachora ojaivu, yaani mkunjo wa marudio limbikizi, kwa kupendeza, anashusha mistari kwa rula, halafu majibu yote matatu yanapotoka kwa kiasi kilekile. Mediani imepungua, robo ya kwanza imepungua, robo ya tatu imepungua. Hesabu yake ni safi. Kilichomponza ni mahali alipoziweka nukta, na nukta zilikaa vibaya kwa sababu hakujiuliza safu ya marudio limbikizi inasema nini hasa. Kwa hiyo nitalifuata jedwali moja tangu mwanzo hadi mwisho, na pale penye mtego nitakaa kidogo.

Mfano ni wa samaki. Tuseme umeketi mwaloni asubuhi na ubao wa kupimia, ukapima urefu wa sangara 80 (mputa, kama wengi wetu tunavyomwita) kwa sentimita kamili iliyo karibu zaidi. Namba nimezitunga kwa ajili ya zoezi, lakini sangara sikumchagua ovyo. Kwa samaki huyu kuna urefu wa chini unaoruhusiwa na sheria, sentimita 50, ambao wavuvi huutaja kuwa inchi 20. Mpaka huo utatufaa mbele.

Baada ya kupiga vijiti na kuhesabu, jedwali ni hili:

| Urefu (sm) | Marudio | Mpaka wa juu | Marudio limbikizi |
|---|---|---|---|
| 40–44 | 3 | 44.5 | 3 |
| 45–49 | 7 | 49.5 | 10 |
| 50–54 | 16 | 54.5 | 26 |
| 55–59 | 22 | 59.5 | 48 |
| 60–64 | 15 | 64.5 | 63 |
| 65–69 | 9 | 69.5 | 72 |
| 70–74 | 5 | 74.5 | 77 |
| 75–79 | 3 | 79.5 | 80 |

Safu ya mwisho inasema nini

Kuijaza ni rahisi. Unaanza na 3, unaongeza 7 unapata 10, unaongeza 16 unapata 26, unaendelea hivyo kushuka. Namba ya mwisho lazima ilingane na idadi ya vitu vyote ulivyopima, yaani 80. Isipolingana, usiguse karatasi ya grafu. Rudi juu utafute ulipokosea kujumlisha, maana kosa moja katikati linabebwa na kila namba iliyo chini yake.

Sasa soma mstari wa tatu kwa sauti. Hiyo 26 si idadi ya samaki walio kati ya 50 na 54. Hao ni 16. Maana yake ni kwamba samaki 26 hawavuki mwisho wa kundi hili. Sentensi hiyo ina sehemu mbili, idadi na mwisho wa kundi, na nukta utakayochora inazibeba zote mbili. Idadi inakwenda kwenye mhimili wima, mwisho wa kundi unakwenda kwenye mhimili wa mlalo. Ukishaelewa hivi, huwezi tena kuiweka 26 katikati ya kundi, pale kwenye 52, kwa sababu ukifika 52 bado hujawapita samaki wote 26. Unawamaliza ukifika mwisho.

Mwisho wa kundi uko wapi, basi? Wengi hujibu 54, kwa kuwa ndiyo namba iliyoandikwa. Lakini tulipima kwa sentimita kamili iliyo karibu. Samaki mwenye urefu wa 54.3 tulimwandika 54, na mwenye 54.4 pia tulimwandika 54. Akifika 54.5 tunamwandika 55, naye anahamia kundi linalofuata. Kwa hiyo kundi la 50–54 kwa kweli linaanza 49.5 na kuishia 54.5, na hapo ndipo kundi la 55–59 linapoanzia. Hakuna pengo. Ukitumia 54 na 55 unaacha shimo la sentimita nzima kati ya makundi, na mkunjo hauwezi kupita juu ya shimo.

Kuna takwimu ambazo mpaka wake hauongezewi nusu, na ni lazima uzitambue kabla ya kuchora. Umri ndio wa kwanza. Mtu akiwa na miaka 44 na miezi 11, bado anajiandika ana miaka 44. Hapo tunahesabu miaka iliyotimia, hatuendi kwenye mwaka ulio karibu. Kundi la umri 40–44 linaishia mtu anapotimiza 45, kwa hiyo mpaka wa juu ni 45. Hali ni hiyo pia kama jedwali limeandikwa kwa alama, `40 ≤ x < 45`: mpaka umeshatajwa wazi, nao ni 45. Jiulize kila mara kipimo kiliandikwaje pale kilipopimwa, na mpaka utaupata bila kukariri kanuni.

Karatasi na mihimili

Chukua karatasi ya grafu ambayo kila sentimita 2 zimegawanywa katika vijisanduku 10 vya milimita 2. Kwenye mhimili wa mlalo weka sentimita 2 za karatasi kwa kila sentimita 5 za samaki, kuanzia 35 hadi 80. Kwenye mhimili wima weka sentimita 2 kwa kila samaki 10, kuanzia 0 hadi 90. Andika majina ya mihimili, urefu kwa sentimita chini na marudio limbikizi upande, pamoja na skeli uliyotumia.

Kuna sababu ya kuchagua skeli hizi. Upande wima, kijisanduku kimoja ni samaki mmoja kamili. Upande wa mlalo, kijisanduku kimoja ni nusu sentimita ya samaki. Kwa hiyo 44.5 iko kijisanduku kimoja kabla ya 45, na 49.5 iko kijisanduku kimoja kabla ya 50. Mipaka yote inaangukia kwenye mistari ya karatasi, hakuna kukisia. Mwanafunzi aliyechagua sentimita 1 kwa kila 3, eti karatasi itoshe, atakisia kila nukta, na makosa madogo madogo yatamfuata mpaka kwenye jibu.

Kwa kuwa mhimili wa mlalo unaanzia 35 badala ya 0, weka alama ya zigizaga karibu na pembe, ili msomaji ajue kuna sehemu iliyorukwa. Mhimili wima haurukwi hata kidogo. Lazima uanzie 0, kwani nukta ya kwanza ya mkunjo inakaa palepale.

Nukta ya kwanza ambayo haimo kwenye jedwali

Jedwali lina mistari minane, lakini mkunjo una nukta tisa. Ile ya tisa ni (39.5, 0). Kundi la kwanza linaanzia 39.5, na chini ya urefu huo hatukupima samaki hata mmoja, kwa hiyo hapo limbikizo ni sifuri. Ukiisahau, mkunjo wako utaanzia hewani kwenye (44.5, 3). Wengine, wakiona unaelea hivyo, huuvuta hadi kwenye pembe ya mihimili, na kwenye karatasi yetu hiyo ni kusema kwamba samaki walianza kupatikana tangu sentimita 35. Hatukupima wa namna hiyo. Mimi huwashauri wanafunzi waongeze mstari mmoja juu ya jedwali kabla hawajaanza, waandike 39.5 na 0, halafu wachore kila kilichoandikwa.

Weka sasa nukta zote: 39.5 na 0, 44.5 na 3, 49.5 na 10, 54.5 na 26, 59.5 na 48, 64.5 na 63, 69.5 na 72, 74.5 na 77, 79.5 na 80. Tumia alama ndogo ya msalaba kwa penseli iliyochongwa. Kitone kinene cha upana wa kijisanduku kinakula nusu sentimita ya samaki, na nusu sentimita kwenye mediani si kitu kidogo.

Ziunganishe kwa mkunjo mmoja laini, kwa mkono. Geuza karatasi hadi kiwiko chako kiwe upande wa ndani wa upinde, pitisha penseli hewani mara moja au mbili bila kugusa, kisha chora kwa wepesi. Mkunjo upite katika kila nukta. Usikate kona kwa ajili ya urembo.

Utaona umbo la herufi S iliyolala kidogo: unaanza polepole, unapanda kwa kasi katikati, unatulia juu. Kasi ni kubwa zaidi kati ya 54.5 na 59.5, maana hapo tuliongeza samaki 22 kwa mkupuo. Jina ojaivu lilitoka kwenye ujenzi, kwa matao yenye ncha ya kuchongoka. Francis Galton, Mwingereza, ndiye aliyelileta kwenye takwimu mwaka 1875, na ukiangalia pale mkunjo unapopinda utaelewa alichokiona.

Jambo moja la kukagua kabla ya kusoma chochote: ojaivu haishuki kamwe. Inaweza kwenda mlalo kama kundi halina kitu, lakini haishuki, kwa sababu samaki uliyekwisha kumhesabu hawezi kutoka tena. Ukiona mkunjo wako unapanda hadi 22 kisha unarudi chini, umechora safu ya marudio badala ya safu ya limbikizi.

Kusoma mediani

Mediani ni urefu unaowagawa samaki nusu kwa nusu. Nusu ya 80 ni 40. Tafuta 40 kwenye mhimili wima, piga mstari wa vipande vipande wa mlalo hadi uguse mkunjo, kisha teremka wima hadi mhimili wa chini. Utagusa karibu na kijisanduku cha tano na nusu baada ya 55, yaani kati ya 57.5 na 58. Andika 57.7 sm au namba iliyo karibu nayo. Mistari hiyo ya vipande usiifute, maana ndiyo inayomwonyesha msahihishaji kwamba jibu limesomwa kwenye mkunjo.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara: je, tusichukue `(N + 1)/2`, yaani 40.5? Kanuni hiyo ni ya orodha ya vitu vilivyopangwa kimoja kimoja, ambapo unatafuta kitu cha katikati chenyewe. Ukiwa na samaki 80 kwenye foleni, wa katikati hayupo. Wapo wa 40 na wa 41, na unachukua kati yao. Ojaivu si foleni. Imeshawatandaza samaki ndani ya makundi, na sisi tunatafuta mahali ambapo nusu ya kimo cha mkunjo inafikiwa, na nusu hiyo ni `N/2`. Tofauti yenyewe hapa ni sentimita 0.11 ya samaki, nyembamba kuliko kijisanduku, kwa hiyo usigombane na rafiki yako juu yake. Ila idadi ikiwa ndogo, tuseme vitu 15, tofauti inaanza kuonekana.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuchukua nusu ya mhimili badala ya nusu ya idadi. Mhimili wetu unaishia 90 kwa sababu tulitaka nafasi juu. Mtu anagawa 90 kwa 2, anaanzia 45, anaishia karibu na 58.8. Gawa namba ambayo mkunjo umeishia, yaani 80. Urefu wa mhimili ni uamuzi wako tu wa karatasi.

Robo mbili

Robo ya kwanza, Q1, inasomwa kwenye 80 ÷ 4, yaani 20. Robo ya tatu, Q3, inasomwa kwenye 60. Njia ni ileile. Kwa 20 utashuka karibu na kijisanduku cha tano baada ya 50, takriban 52.6. Kwa 60 utashuka kijisanduku cha saba baada ya 60, yaani 63.5.

Maana yake kwa samaki wetu ni hii: robo moja ni wafupi kuliko sentimita 52.6, robo moja ni warefu kuliko 63.5, na nusu iliyobaki imo kati ya hizo mbili. Upana wa nusu hiyo ya katikati ni 63.5 − 52.6 = 10.9 sm, na ukiulizwa nusu ya upana huo, gawa kwa 2 upate takriban 5.5 sm. Angalia pia kwamba kutoka Q1 hadi mediani ni kama sentimita 5.1, na kutoka mediani hadi Q3 ni 5.8. Upande wa juu umenyooka zaidi, na ndivyo tunavyotarajia pale samaki wakubwa wachache wanapouvuta mkia.

Kuhakiki bila kuchora upya

Penseli hudanganya, kwa hiyo pima jibu lako kwa hesabu. Kwa mediani, 40 iko kati ya 26 na 48, kwa hiyo imo kwenye kundi linaloanza 54.5. Ndani ya kundi hilo tunahitaji samaki 14 zaidi kati ya 22, na upana wa kundi ni 5:

```
mediani = 54.5 + (40 - 26)/22 * 5 = 57.7
Q1      = 49.5 + (20 - 10)/16 * 5 = 52.6
Q3      = 59.5 + (60 - 48)/15 * 5 = 63.5
```

Hesabu hii ni sawa na kuunganisha nukta kwa rula. Mkunjo laini unaweza kutofautiana nayo kidogo, sehemu mbili au tatu za kumi, na hakuna ubaya. Ukitofautiana kwa sentimita nzima, kuna kitu.

Ukubwa wa tofauti wenyewe utakuambia ni kitu gani. Kama majibu yako yote matatu yamepungua kwa 0.5, ulichora kwenye 44, 49, 54, yaani namba zilizoandikwa badala ya mipaka. Yakipungua kwa 2.5, ulichora kwenye katikati ya makundi, na mediani yako ikawa 55.2. Yakipungua kwa 5, ulitumia mipaka ya chini. Dalili ni kwamba mkunjo wote umesukumwa kushoto kwa hatua moja huku umbo lake likibaki zuri, ndiyo maana jicho halikamati. Ila kama jibu moja tu limepotoka na mengine mawili yako sawa, tatizo si mipaka. Tafuta nukta moja iliyokaa vibaya, au mstari ulioshuka ukiwa umeinama.

Sasa sangara wafupi

Mkunjo huu unajibu maswali zaidi ya robo. Samaki wangapi walikuwa chini ya urefu unaoruhusiwa? Hapa unasoma kinyume, kutoka chini kwenda juu, na mpaka unarudi tena kukutega. Aliyeandikwa 50 amekubalika kwenye rekodi yetu, na wanaoandikwa 50 wanaanzia 49.5. Basi panda kutoka 49.5, si kutoka 50. Utagusa 10. Samaki 10 kati ya 80 ni asilimia 12.5. Ukipanda kutoka 50 utasoma 11 na zaidi kidogo, na utakuwa umemhukumu mvuvi kwa samaki ambaye rekodi yako mwenyewe inasema ni halali.

Na wangapi wana sentimita 67 au zaidi? Panda kutoka 66.5, soma takriban 67 kwenye mhimili wima. Hao 67 ni walio chini. Unaowataka ni waliobaki, 80 − 67 = 13. Wengi huandika 67 na kuondoka, kwa sababu namba ya urefu na namba ya samaki zimefanana na jicho linaridhika.

Majibu hayo mawili hayana uzito sawa. Ile 10 ni hesabu kamili, kwa kuwa 49.5 ni mpaka wa kundi na samaki wenyewe tulishawahesabu hadi hapo. Ile 13 ni makadirio: 66.5 imo ndani ya kundi la 65–69, na mkunjo unadhani samaki 9 wa kundi hilo wametandazwa sawasawa. Kwa kundi hilo dhana hii pengine haina madhara. Kwa kundi la 45–49 ningekuwa mwangalifu sana, kwa sababu karibu na mpaka wa kisheria samaki hawatandazwi sawasawa. Anayechagua wavu, na anayepanga samaki mtumbwini, wanaujua urefu huo, na huenda wengi wa wale 7 wana 48 au 49. Mkunjo hauwezi kulijua hilo.

Ndiyo maana nilipopanga makundi nilihakikisha 50 inaanza kundi. Ningeanzia 42 na kuandika 42–46, 47–51 na kuendelea, swali la sheria lingeangukia katikati ya kundi, na jibu lingekuwa la kukisia ingawa vipimo nilikuwa navyo mkononi. Mediani isingebadilika sana. Lakini mtu akija kuuliza walio chini ya 47 kwenye jedwali letu hili, usimsomee mkunjo. Fungua daftari la vipimo uwahesabu mmoja mmoja.